Maumivu ya Kichwa Yatokanayo na Dawa

Maumivu ya kichwa yanayosababishwa na kuzidisha dawa za kutuliza maumivu humpata hasa mwenye kipandauso ambaye, kwa zaidi ya miezi 3, humeza parasetamoli siku 15 au zaidi kila mwezi, au vidonge vilivyochanganywa na kafeini siku 10 au zaidi. Mfamasia amwonaye mteja akinunua pakiti kila wiki humuuliza kwa upole, “Mama, mwezi uliopita ulimeza dawa siku ngapi?”, kisha humshauri aziandike siku hizo kwenye kalenda na amwone daktari, akimweleza kwamba dawa ikisitishwa maumivu huweza kuzidi kwa siku kadhaa kabla ya kupungua. Mwenye maumivu makali ya ghafla, au homa na shingo kukakamaa, aende hospitali mara moja.