Namna ya kusoma mchoro wa mlipuko: Goma, Julai 1994

[Muziki unashuka taratibu]

 

Leo tunazungumza juu ya ile karatasi inayobandikwa kwenye ukuta wa kituo cha afya ugonjwa ukizuka. Mara nyingi ina mchoro wenye nguzo zilizosimama mstarini, nyingine fupi na nyingine ndefu. Watu wengi huangalia nguzo ndefu kuliko zote, hushtuka, kisha huondoka. Lakini mchoro ule unaweza kutuambia ugonjwa ulianza lini, ulifika kilele lini, na watu wanaupata kwa njia gani. Jibu la swali hilo la tatu linatusaidia kujua kama tutafute chakula cha siku moja, tanki la maji, au tuangalie namna tunavyowauguza wagonjwa nyumbani.

Tuanze na punje za mahindi. Chora mstari chini na uandike siku: Jumapili, Jumatatu, Jumanne, na kuendelea. Kwa kila mgonjwa, weka punje moja juu ya siku aliyoanza kuugua. Punje zikipandana zinakuwa nguzo. Mchoro wa mlipuko ni huo tu. Nguzo ndefu ni siku ambayo wengi walianza kuugua.

Kabla ya kuangalia nguzo, soma maandishi yaliyo chini ya mstari. Je, ni tarehe ya kuanza kuugua, au ni tarehe ya kufika kituoni? Hizo ni tarehe mbili tofauti. Mtu anaweza kuanza kuhara Ijumaa usiku na kuandikishwa Jumatatu. Kama mchoro umefuata tarehe ya kuandikishwa, Jumamosi na Jumapili zitakuwa na nguzo fupi, halafu Jumatatu itakuwa na mnara, kumbe ugonjwa haukupumzika hata siku moja. Na nguzo za siku mbili tatu za mwisho usiziamini haraka. Zinaweza kuwa fupi kwa sababu wagonjwa wa siku hizo hawajafika au hawajaandikwa bado.

Sasa tunahitaji kipimo. Kila ugonjwa wa kuambukiza hukaa mwilini kimya kwa muda kabla ya kuonyesha dalili. Tuuite muda wa kujificha. Kwa kipindupindu, ambacho wengi wetu tunakiita kolera, muda huo ni kuanzia saa chache hadi siku 5. Kwa Ebola ni siku 2 hadi 21. Kwa hiyo nguzo zilezile zinaweza kuwa na maana nyingine kabisa ugonjwa ukiwa mwingine. Uliza kwanza ni ugonjwa gani, kisha ujue siku zake.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Tuseme kuna msiba katika mtaa mmoja wa kambi, na Jumamosi watu wote wanakunywa maji ya pipa moja lililoingiwa na vijidudu vya kolera. Jumapili wanaanza kuugua watu 3, Jumatatu 8, Jumanne 5, Jumatano 2, Alhamisi 1. Jumla ni 19. Mchoro wake unapanda haraka, una kilele kimoja, kisha unashuka. Angalia upana wake: kutoka Jumamosi ya maji yale hadi mgonjwa wa mwisho ni siku 5. Wagonjwa wote wanaenea ndani ya muda wa kujificha wa kolera. Hiyo ndiyo alama ya chanzo kimoja cha mara moja. Na kama hujui siku ya tukio, rudi nyuma. Chukua kilele, Jumatatu, rudi siku moja hadi tatu, kisha uulize: siku hizo wagonjwa hawa walikula nini pamoja, walikunywa wapi pamoja?

Sasa tuseme nguzo hazikuisha Alhamisi. Kila siku kuna wagonjwa 5, 6, 4, 6, na imefika siku ya kumi na mbili. Maji ya Jumamosi moja hayawezi kumwangusha mtu siku 12 baadaye. Upana huo umezidi kipimo chetu. Basi kuna kitu ambacho watu wanaendelea kukitumia kila siku: tanki, bomba lililotoboka, kisima, au ziwa. Hicho ni chanzo kimoja kinachoendelea.

Umbo la tatu ni ngazi. Mgonjwa mmoja, siku chache baadaye wawili, kisha watano, kisha kumi na mmoja. Ugonjwa unapita kutoka kwa mtu kwenda kwa mwingine, ndani ya nyumba, kwa mikono na vyombo. Kwa kolera ngazi hizi hazionekani wazi sana, kwa sababu muda wake wa kujificha ni mfupi na watu hawaanzi kuugua pamoja. Tena maumbo huchanganyika: pipa la msiba linaweza kuanzisha, halafu nyumba zikaendeleza.

[Muziki mfupi]

Sasa twende kwenye mlipuko wa kweli, uliotokea hapa kwenye mpaka wetu. Ni Julai 1994. Kuanzia tarehe 14 hadi karibu tarehe 18, watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 500,000 na 800,000 walivuka kutoka Gisenyi kuingia Goma, kwa Grande Barrière na kwa njia nyingine za mpaka. Waliofika mjini walikunywa maji ya Ziwa Kivu, kwa sababu ndiyo yaliyokuwepo. Wengine waliendelea hadi Kibumba, Katale na Mugunga. Ardhi ya huko ni mawe ya volkano, ngumu kuchimba choo na ngumu kuchimba kaburi. Katika wiki ya kwanza, maji safi yaliyoweza kugawiwa yalikuwa wastani wa lita 0.2 kwa mtu kwa siku. Hiyo ni glasi moja.

Kolera ilitambuliwa tarehe 20 Julai. Mlipuko ulifika kilele karibu tarehe 26. Makadirio ya wagonjwa wa kolera ni kati ya 58,000 na 80,000. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000, wengi wao kwa magonjwa ya kuhara.

Tuchukue kipimo chetu. Kwanza, mwanzo. Tarehe 20 ni siku ambayo ugonjwa ulitambuliwa, na watu huanza kuugua kabla ya kutambuliwa. Tukirudi nyuma siku 5 kutoka hapo tunafika tarehe 15. Kwa hiyo wagonjwa wale wa kwanza walimeza vijidudu katika siku zilezile za kuvuka na kufika, watu walipojazana kandokando ya ziwa.

Pili, kilele. Tuseme kila mtu aliyeugua alimeza vijidudu wakati wa kuvuka tu, na kuvuka kuliisha tarehe 18. Ongeza siku 5. Mgonjwa wa mwisho alipaswa kuanza kuugua tarehe 23, na baada ya hapo nguzo ziishe. Lakini kilele kilikuja karibu tarehe 26, siku tatu nje ya mpaka huo, na wagonjwa waliendelea hadi Agosti. Rudi nyuma siku moja hadi tatu kutoka tarehe 26: ni tarehe 23 hadi 25. Watu walikuwa bado wanakunywa ugonjwa siku hizo, wakiwa tayari kambini na mjini Goma. Hesabu hii ndogo inatosha kutuambia kwamba safari peke yake haielezi mlipuko ule. Sababu ilikuwa bado ipo, kila siku, ndani ya ndoo.

Tatu, umbo. Kupanda kutoka kutambuliwa hadi kilele kwa wiki moja tu, kwa maelfu na maelfu ya watu, ni mwinuko mkali. Kunaonyesha watu wengi mno wakimeza vijidudu kwa wakati mmoja, kama inavyotokea pale maji ya pamoja yanapochafuka. Lakini msongamano bila vyoo uliongeza njia ya mtu kwa mtu, na mchoro hauwezi kutenganisha moja na nyingine kwa usafi.

Hapo tunafika kwenye mipaka ya mchoro, nayo tuisikie vizuri. Mchoro unaonyesha lini, hauonyeshi wapi. Hauwezi kusema ni bomba namba fulani. Kwa hilo inabidi wagonjwa wawekwe kwenye ramani ya kambi, nyumba kwa nyumba, na kila mmoja aulizwe anachota wapi. Vilevile, kushuka kwa nguzo hakuthibitishi kwamba dawa au maji mapya yamefanya kazi. Goma nguzo zilishuka maji yalipoongezeka, lakini pia kwa sababu watu wengi walikuwa wameshaugua. Na mchoro mmoja uwe wa ugonjwa mmoja. Mapema Agosti 1994 ulianza mlipuko wa kuhara damu, ambao husababishwa na vijidudu vingine. Mtu angerundika wote wenye kuhara pamoja, angeona mkia mrefu wa kolera, kumbe ni ugonjwa wa pili unaoanza, wenye matibabu yake.

Kuna jambo moja la mwisho. Kila mlipuko ukizuka mpakani au kambini, neno la kwanza husikika kwamba waliofika juzi ndio walioleta. Mchoro hauwezi kusema nani alileta. Kolera ilikuwa tayari inajulikana mashariki ya Zaire tangu miaka ya 1970, kabla ya msafara ule. Na kama wageni waliingia siku moja na hakuna aliyeingia tena, halafu nguzo zinaendelea wiki ya pili na ya tatu, basi kuwafukuza kwenye bomba hakutapunguza hata punje moja. Sababu inayoendelea iko kwetu sote, na ndiyo ya kutafutwa.

Kwa hiyo ukisimama mbele ya karatasi ile, muulize mhudumu wa afya maswali manne. Nguzo hizi ni za tarehe ya kuanza kuugua au ya kuandikishwa? Ni ugonjwa gani, na unajificha siku ngapi? Kutoka nguzo ya kwanza hadi ya mwisho ni siku ngapi? Na tukirudi nyuma kutoka kilele, siku zile tulichota maji wapi? Ukipata majibu, mpelekee kiongozi wa mtaa wako na kamati ya maji siku hiyohiyo. Na mwenye kuhara maji mfululizo asisubiri mchoro: apewe maji yenye chumvi na sukari ya pakiti, ORS, wakati anapelekwa kituoni.

 

[Muziki unapanda]