Tovuti ya Duka: Gharama ya Mwaka au Mali ya Kampuni?

Wenzangu wahasibu wa Thika na Ruiru,

Swali la kwanza kuhusu tovuti ni moja: je, inaleta fedha yenyewe? Tovuti inayoonyesha tu picha za bidhaa, simu ya ofisi na ramani ya kufika dukani karibu na daraja la Chania ni tangazo. Tafsiri ya SIC-32, inayofafanua kiwango cha IAS 38, inasema gharama zote za tovuti ya namna hiyo ziingie matumizini zinapotokea, hata zikiwa milioni. Ikiwa mteja anaweza kuagiza na kulipa papo hapo, mlango wa mali unafunguka, lakini si kwa kila shilingi.

Tuchukue mfano wa kubuni: kampuni ya pembejeo za kilimo mjini Thika inajenga tovuti ya kuuzia mbegu na mbolea, kwa Sh 1,200,000. Upembuzi na kulinganisha mafundi, Sh 150,000, ni hatua ya kupanga. Hiyo ni gharama ya mwaka. Kuandika programu, kuiunganisha na malipo ya M-Pesa na kuijaribu, Sh 600,000, pamoja na usanifu wa kurasa, Sh 120,000, huwa mali, mradi kampuni ionyeshe kwamba itaweza kuikamilisha, inakusudia kuitumia na mauzo yatapatikana. Picha na maelezo ya kunadi bidhaa, Sh 180,000, ni matangazo. Mafunzo ya wafanyakazi, Sh 50,000, na matunzo ya tovuti baada ya kufunguliwa, Sh 100,000, nayo ni matumizi.

Mali basi ni Sh 720,000. Tovuti huchakaa upesi, na SIC-32 inataka maisha yake yakadiriwe kuwa mafupi. Tukikadiria miaka 3, kila mwaka unabeba Sh 240,000. Ikianza kazi 1 Julai na mwaka ukifungwa 31 Desemba, mwaka wa kwanza unabeba nusu, Sh 120,000. Kodi haifuati makadirio haya; Jedwali la Pili la Sheria ya Kodi ya Mapato lina viwango vyake, kwa hiyo hesabu hizo mbili zitapishana.

Tahadhari moja: biashara nyingi ndogo hutumia viwango vya IFRS kwa biashara ndogo na za kati. Chini ya viwango hivyo, kazi ya utafiti na ujenzi iliyofanywa ndani ya kampuni huenda yote matumizini. Tazameni kwanza ni viwango gani vinavyotawala hesabu zenu.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni ankara moja iliyoandikwa "tovuti" tu. Mkaguzi hana namna ya kutenganisha hatua. Mtakeni fundi agawe ankara kabla kazi haijaanza, kwa sababu IAS 38 haikubali gharama iliyokwisha kuingizwa matumizini irudishwe baadaye kuwa mali.