Shabaha Iliyomo Katika Kila Seli: Lupasi na Sura Zake Nyingi
Mhadhara wa umma, Lanet, Nakuru



Chukueni wanawake wawili, tuseme wote wana umri wa miaka 26, ambao kliniki imewapa jina moja la ugonjwa. Wa kwanza huamka vidole vimevimba na kukakamaa, na kila akishinda shambani juani, uso wake hutoka upele mashavuni na juu ya pua. Wa pili hana upele wala maumivu ya viungo. Kilichompeleka hospitali ni miguu kuvimba na mkojo wenye povu, na kipimo kikaonyesha kwamba figo zake zinavujisha protini. Wote wawili wana lupasi. Wa tatu angeweza kuja na upungufu wa damu, wa nne na mimba zilizoharibika mfululizo. Ndiyo maana wapo wanaodai kwamba lupasi ni jina la kufichia yasiyoeleweka. Mimi nadai kinyume. Sura hizi nyingi zina mzizi mmoja: kinachoshambuliwa katika lupasi hakikai katika kiungo kimoja, bali katika kiini cha seli, na karibu kila aina ya seli ya mwili ina kiini. Katika kisukari cha utotoni, kinga ya mwili huziwinda seli za kongosho zinazotengeneza insulini, na kwa sababu hiyo wagonjwa wake hufanana sana. Shabaha ikiwa kila mahali, ugonjwa nao waweza kuzuka popote.

Tuanze na chanzo. Kila siku seli zetu hufa kwa mabilioni, kwa utaratibu ambao mwili wenyewe umeupanga. Seli inayokufa hujikatakata vipande, na seli walaji huvimeza vipande hivyo kabla DNA na protini za kiini hazijamwagika nje. Usafi huu hutegemea, pamoja na mengine, protini ya damu iitwayo C1q, ambayo hujibandika kwenye mabaki na kuyatia alama ili yaliwe. Umuhimu wake tunaujua kutokana na watu wachache sana waliozaliwa bila protini hiyo kabisa: walio wengi miongoni mwao hupata lupasi, mara nyingi wakiwa watoto. Ni ushahidi mzito, kwa kuwa unaonyesha kwamba kasoro ya kuondoa mabaki peke yake yatosha kuuwasha ugonjwa.

Mabaki yakichelewa kuondolewa, hukutana na seli B ambazo zina uwezo wa kuyatambua. Seli za namna hiyo sisi sote tunazo. Kwa kawaida hunyamazishwa. Tatizo ni kwamba DNA na RNA zilizotoka kwenye kiini hufanana na zile za virusi kiasi cha kuuhadaa mwili. Vipokezi ambavyo kazi yake ni kunusa virusi huamka, na mwili humwaga intaferoni, yaani protini ya tahadhari dhidi ya virusi. Intaferoni huzichochea seli B, seli B hutoa kingamwili dhidi ya kiini, kingamwili hushikana na mabaki, na mshikamano huo unapoingia ndani ya seli za kinga huzichochea zitoe intaferoni zaidi. Duara limefunga. Kwamba intaferoni ni mshiriki hasa, wala si shahidi tu, kulidhihirika pale baadhi ya wagonjwa waliotibiwa kwa intaferoni kwa sababu ya magonjwa mengine walipoanza kuonyesha dalili za lupasi. Kipokezi kimoja muhimu katika duara hili, TLR7, jeni yake imo katika kromosomu X, na kwa wanawake nakala ya pili ya jeni hiyo haizimwi sawasawa katika seli zote. Hiyo ni mojawapo ya sababu za wagonjwa 9 kati ya 10 kuwa wanawake.

Duara hili halifungi kwa siku moja. Mwaka 2003, watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa damu ya wanajeshi 130 waliokuja kuugua lupasi. Jeshi lao lilikuwa limehifadhi damu hiyo tangu walipokuwa wazima. Watu 115 kati yao walikuwa tayari na angalau aina moja ya kingamwili dhidi ya miili yao kabla ya ugonjwa kutambuliwa, wengine kwa zaidi ya miaka 9. Mpangilio nao ulivutia. Kwanza zilitokea kingamwili za jumla dhidi ya kiini, baadaye zile za kuilenga DNA, na zile zilizo maalumu zaidi kwa lupasi zikaja karibu na siku ya kuugua. Katika mtaa wenye kambi ya jeshi kama Lanet, nadhani tunaelewa thamani ya rekodi zilizotunzwa vizuri.

Hapa wengi huuliza: kama jeni zinachangia, kwa nini maumbile hayakuzifuta? Jibu zuri kuliko yote ninayoyajua limetoka hapa Kenya, kwenye data za watoto wa Kilifi. Juu ya seli B kuna kipokezi kiitwacho FCGR2B, ambacho kazi yake ni kama breki: kingamwili zikishatosha, huiambia seli ipunguze kasi. Kuna watu ambao asidi-amino moja ya kipokezi hicho imebadilika, na breki haishiki ipasavyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba, miongoni mwa wagonjwa wa Ulaya na Asia, kuwa na nakala mbili za badiliko hilo kunaongeza uwezekano wa lupasi. Badiliko lilo hilo, kwa watoto wa Kenya waliokuwa na nakala mbili, liliendana na kupungua kwa malaria kali kwa karibu nusu. Kinga isiyobanwa sana huzisaidia seli walaji za mtoto kuvimeza vimelea upesi. Gharama yake huja ukubwani, na si kwa kila mtu.

Hoja hii inapingwa kwa njia mbili. Ya kwanza yasema kwamba lupasi ni nadra Afrika, basi jeni za malaria zitahusikaje? Mtafiti Brian Greenwood alilichunguza jambo hilo Nigeria mwaka 1968, akapendekeza kwamba maambukizi ya vimelea yenyewe huituliza kinga. Miaka miwili baadaye yeye na wenzake wakaonyesha kwamba panya wa ukoo unaozaliwa na maradhi mfano wa lupasi hukingwa wakiambukizwa malaria ya panya. Naliona wazo hilo kuwa na nguvu, lakini halitoshi. Wanawake wenye asili ya Afrika wanaoishi Marekani na Uingereza huugua lupasi mara kadhaa zaidi ya wenzao Wazungu, na kwetu sehemu ya huo unadra ni upungufu wa vipimo. Mgonjwa aliyetibiwa malaria na taifodi kwa mwaka mzima akafa kwa figo haandikwi popote kuwa alikuwa na lupasi. Pingamizi la pili ni la mapacha wa kufanana: wana jeni zilezile, ila mmoja akiugua, mara nyingi mwenzake haugui. Ni kweli, na ndivyo inavyopasa kuwa. Jeni hulegeza, na kitu kingine lazima kisukume: virusi, homoni, dawa fulani, au jua. Lanet iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, jirani kabisa na ikweta, na ubaridi wa asubuhi huwafanya watu wasahau kwamba miale ya urujuanimno hapa ni mikali kuliko ile ya nchi za mbali na ikweta. Miale hiyo huua seli za ngozi, na seli za ngozi zinapokufa huyaleta yaliyomo ndani ya kiini kwenye uso wa seli hizo.

Sasa turudi kwa yule mwanamke wa pili. Kila figo ina vichujio vipatavyo milioni moja, na figo zote mbili hupokea takribani sehemu moja ya tano ya damu inayosukumwa na moyo. Mishikamano ya kingamwili na mabaki ya kiini hunasa humo, na mingine huundwa papo hapo kwenye ukuta wa kichujio. Daktari akichukua kipande kidogo cha figo kwa sindano na kukitazama kwa darubini, ataona jambo la ajabu: dalili hutegemea ni upande gani wa ukuta ule mwembamba umekaliwa. Mishikamano ikikaa upande wa ndani, unaogusana na damu, seli za kinga huiona na kuivamia. Kichujio huvimba, damu huingia kwenye mkojo, shinikizo la damu hupanda, na bila matibabu figo huweza kufa. Ikikaa upande wa nje, seli hizo haziifikii; ukuta hunenepa na kuvujisha protini nyingi, miguu huvimba, lakini uharibifu huenda polepole zaidi. Umbali kati ya pande hizo mbili ni mdogo kuliko upana wa chembe nyekundu ya damu, na bado unatoa magonjwa mawili yenye matibabu tofauti.

Ushahidi wa pili kwamba mahali panapolengwa huamua madhara uko kwa watoto wachanga. Mama mwenye kingamwili dhidi ya protini iitwayo Ro huzipitisha kwa mtoto kupitia kondo, hata kama mama mwenyewe hajawahi kuugua. Baadhi ya watoto huzaliwa na upele unaotoweka katika miezi 6 hadi 8, kadiri kingamwili za mama zinavyoisha mwilini mwao. Lakini katika watoto 1 au 2 kati ya 100, waya za umeme wa moyo huungua wangali tumboni, na kovu hilo haliondoki kamwe. Kingamwili ni ileile na damu ni ileile. Ngozi hujijenga upya, moyo haujijengi. Mtu aweza kuniambia kwamba wale watoto 98 waliosalimika wanaibomoa hoja yangu. Sioni hivyo. Wanaonyesha kwamba kingamwili huchagua mahali pa hatari, lakini madhara hutegemea pia tishu iliyolengwa na yale mengine yaliyoikuta wakati huo.

Kwa hiyo kipimo cha kingamwili dhidi ya kiini, ANA, hakimalizi jambo. Katika watu wenye afya kabisa, zaidi ya 1 kati ya 10 huweza kuwa na kingamwili hizo kwa kiwango cha chini. Zisipoonekana, lupasi huwa na uwezekano mdogo sana. Zikionekana, kazi ndiyo kwanza inaanza. Protini za damu C3 na C4 zikishuka huku kingamwili dhidi ya DNA zikipanda, duara linazunguka kwa kasi. Na kwa kuwa figo huumia kimyakimya, mkojo hupimwa protini na damu kila mgonjwa anaporudi kliniki, hata akiwa amekuja kwa vidole tu.

Dawa inayoandikiwa karibu kila mgonjwa, hidroksiklorokwini, ni ndugu wa klorokwini tuliyoizoea kwa malaria. Huingia kwenye vifuko vya ndani ya seli, mle vinamokaa vile vipokezi vya kunusa virusi, na kuvidhoofisha. Hupunguza milipuko ya ugonjwa, na mjamzito anaweza kuendelea kuitumia. Kipimo chake hakizidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na macho huchunguzwa mara kwa mara kwa sababu ikitumiwa miaka mingi huweza kuharibu retina. Haiziondoi kingamwili zilizokwisha kuwamo, wala haiwezi peke yake kuituliza figo iliyovamiwa kutoka upande wa damu. Huko huhitajika steroidi pamoja na dawa za kuikandamiza kinga, mapema, kabla kovu halijachukua nafasi ya kichujio.