Kugawa Mapato ya Dola: Kiasi cha Kuhifadhi, Kubadilisha na Kuwekeza
(Maelezo yaliyotolewa kwa wafanyakazi wa kujitegemea wanaolipwa na wateja wa ng'ambo)



Swali tunaloulizwa mara nyingi na wanaolipwa kwa dola ni hili: je, nibadilishe sasa au ningoje shilingi ishuke zaidi? Mambo yaliyotokea nchini Kenya yanaonyesha kwa nini swali hilo si msingi mzuri wa uamuzi.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 dola moja ilibadilishwa kwa takriban shilingi 123. Kufikia mwisho wa Januari 2024 ilikuwa imefika karibu 160, na wengi wakaamini itaendelea kupanda. Mwezi Februari serikali ilipata mkopo mpya wa kimataifa, ikalipa sehemu ya deni la dola bilioni 2 lililokuwa likiiva Juni, na hofu sokoni ikapungua. Kufikia Aprili dola ilikuwa karibu shilingi 130. Aliyezuia dola 3,000 Januari akingoja bei bora alipungukiwa na takriban shilingi 90,000. Hata hivyo, aliyebadilisha kila kitu mwanzoni mwa 2023, ilhali alihitaji kununua kompyuta ya dola 600 mwaka mmoja baadaye, alipata hasara ya upande wa pili: kompyuta ya shilingi 73,800 ilimgharimu 96,000.

Wote wawili walishika sarafu isiyolingana na gharama zilizokuwa mbele yao. Kanuni tunayopendekeza, basi, ni kwamba kila fungu la fedha likae katika sarafu litakayolipiwa.

Tuchukue mfano wa mfasiri anayeishi Nakuru na kupokea dola 1,000 kwa mwezi, dola ikiwa shilingi 130. Kodi ya nyumba, chakula na karo humgharimu shilingi 65,000, yaani dola 500. Hizi hubadilishwa mara moja. Mhasibu wake amemshauri atenge dola 220 kwa ajili ya kodi ya mapato. Hizi nazo hubadilishwa, kwa kuwa kodi hulipwa kwa shilingi; kuziacha katika dola ni kubahatisha kwa fedha ambazo tayari anadaiwa. Programu za kazi humgharimu dola 40 kila mwezi, na anaweka dola 100 kwa ajili ya kompyuta atakayoinunua baada ya miezi sita. Hizo 140 hubaki katika akaunti ya dola.

Zinabaki dola 140, yaani shilingi 18,200. Kwanza zijenge akiba ya dharura ya matumizi ya miezi mitatu, nayo iwe mahali inapoweza kutolewa haraka, kwa sababu mteja wa ng'ambo anaweza kusitisha kazi bila taarifa. Akiba hiyo ikitimia, miezi mitatu ya fungu hili hutoa shilingi 54,600, kiasi kinachotosha kununua dhamana za serikali za muda mfupi kupitia mfumo wa DhowCSD wa Benki Kuu, ambako kiwango cha chini ni shilingi 50,000. Muda wake ni siku 91, 182 au 364. Faida yake hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 15, kwa hiyo faida ya asilimia 10 hubaki 8.5. Linganisha faida iliyobaki, wala si ile iliyotangazwa. Chagua muda usiovuka siku utakapohitaji fedha hizo, kwa kuwa kuzitoa mapema kuna gharama.

Kabla ya kubadilisha, pima bei halisi. Gawanya shilingi zilizoingia mkononi kwa dola alizolipa mteja. Tuseme Benki Kuu imetangaza wastani wa shilingi 130, lakini benki yako inanunua dola kwa 126 na kutoza dola 10 za kupokea malipo. Katika dola 1,000 utapata shilingi 124,740, yaani 124.74 kwa kila dola. Shilingi 5,260 zimepotea, na katika risiti umeonyeshwa ada ya dola 10 tu. Omba bei kutoka taasisi mbili au tatu zenye leseni, siku ileile na kwa kiasi kilekile. Ikiwa ada ni ileile kwa kila muamala, kubadilisha mara moja kwa mwezi ni nafuu kuliko kila wiki.

Mgawo huu hautakupa bei bora kuliko zote, na miezi mingine utaona kwamba kungoja kungekulipa zaidi. Utakachopata ni kwamba karo, kodi na kompyuta vitalipwa kwa wakati wake, shilingi ikipanda au ikishuka. Upange upya kila gharama zako zinapobadilika; bei ya dola ya siku moja isikufanye uuvunje.