Mashine Haijui Reli Ilifika Lini

Juma hili nazungumzia kurasa kuukuu zinazogeuzwa kuwa slaidi.

Pale Kanyenye, mjini Tabora, mwalimu mmoja alinionyesha somo lake la Reli ya Kati. Karatasi ilipigwa taipu zamani, ikafifia. Aliipitisha kwenye skana, programu ya Tesseract ikasoma herufi, naye akazinakili kwenye slaidi. Slaidi ilipendeza, ila ilisema reli ilifika Tabora mwaka 1972. Ilifika 1912!

Moja iliyofifia chini hufanana na saba. Neno likikosewa, kompyuta hulipigia mstari mwekundu. Mwaka ukikosewa hunyamaza, kwani 1972 nayo ni namba.

Tukarudia. Karatasi ikalazwa bila mkunjo, ikaskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi, kwa rangi ya kijivu. Nyeusi na nyeupe tupu hufuta wino hafifu. Kisha tukaandika:

```
tesseract reli.png reli -l swa
```

Hiyo swa huiambia programu isome Kiswahili, mradi faili la lugha hiyo limewekwa. Maneno yalinyooka, lakini mwaka mmoja ulitoka na herufi l mahali pa 1.

Basi, kabla ya kunakili, pitia tarakimu peke yake, moja moja, karatasi ikiwa mkononi. Halafu zipime kwa akili: reli ilitoka Dar es Salaam, ikafika Kigoma 1914. Ingefikaje Tabora miaka 58 baadaye?

Wanafunzi huandika kilicho ukutani, na mtihani hauulizi kosa ni la nani. Kazi kwenu.