Bili ya Maji Ikifika kwa Picha



Siku hizi mzazi kijijini hupiga picha bili ya maji akaituma kwa mwanawe mjini amtafsirie. Nawe ukiipokea, anza na safu mbili: Previous Reading ni usomaji wa awali, Current Reading ni wa sasa. Hizo si pesa. Awali ikiwa 412 na sasa 421, maji yaliyotumika ni yuniti 9. Yuniti moja ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20.

Bei hupanda kwa ngazi. Tuseme yuniti 6 za kwanza ni shilingi 60 kila moja, zinazofuata 90. Hesabu ni 360 na 270, jumla 630. Usizidishe zote 9 kwa 90. Utamtisha mzazi kwa 810 asizodaiwa.

Picha ikiwa na ukungu, 1 hufanana na 7. Mwombe aangalie tarakimu nyeusi za mita, si nyekundu. Mita ikionyesha chini ya usomaji wa sasa ulio kwenye bili, kuna kosa au makadirio. Alipoti ofisi ya maji kabla ya kulipa.

Mwisho, onyo la kuchelewa. Likisema huduma "inaweza kukatwa" baada ya tarehe fulani, usitafsiri "umekatiwa". Msomee tarehe hiyo kwanza, kisha utenge deni la zamani na bili ya mwezi huu.