Mkebe Uliobonyea: Tazama Ukingo Kwanza

Nimeshika mikebe miwili ya maharagwe iliyopunguzwa bei. Huu wa kwanza umebonyea tumboni, na ukiutazama unatisha. Lakini upapaseni: pamebonyea kidogo tu, hapana kona kali, na mshono wa ubavuni haujaguswa. Huu unafaa kuliwa.

Wa pili una alama ndogo, ila iko ukingoni, pale kifuniko kinapokunjwa pamoja na mwili wa mkebe. Ndani ya mkunjo huo mna utando mwembamba kama mpira unaozuia hewa. Mkebe ukiangukia ukingo, mkunjo unaweza kuachia upenyo usioonekana kwa macho, viini vikaingia. Huo msiununue hata kwa nusu bei. Vivyo hivyo ule uliobonyea hadi kidole kinalala ndani, au wenye kona kali, kwani bati huenda limepasuka.

Tafadhali, msionje ili kujaribu. Sumu ya botulizimu haina harufu wala ladha, na tone dogo linaweza kuua. Nanyi wenye maduka, mikebe hiyo itengeni, msiirudishe rafuni.